Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Maneno ya Kadi ya Harusi kati ya Familia ya Kiislamu na Familia ya Kikatoliki

Majibu haya yanahusu hali moja tu, nayo ni harusi ya hapa Tanzania ambayo bwana harusi ni Muislamu na bibi harusi ni Mkatoliki. Mfano unaorudiwa humu ni wa kijana wa Tanga na binti wa Moshi waliokutana kazini Dar es Salaam, ambao mimi nilikuwa katibu wa kamati yao ya harusi na ndiye niliyeandika kadi zao. Majina nimeyaacha wazi kwa makusudi.

Tuanze na nini kabla ya kuandika neno la kwanza?

Anzeni kwa kujua ndoa inafungwa wapi, inafungishwa na nani, na kwa utaratibu wa dini ipi. Huenda swali hili likaonekana ni la padri na sheikh wala si la mwandishi wa kadi, lakini makosa mengi niliyoyaona kwenye kadi za namna hii yalitokana na kamati kukimbilia kuchagua rangi ya bahasha wakati familia mbili bado zina majibu mawili tofauti kuhusu ndoa yenyewe.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni ndoa kufungwa kanisani. Kwa kuwa bwana harusi hajabatizwa, Kanisa Katoliki linahesabu hali hiyo kuwa kizuizi cha tofauti ya dini, na askofu ndiye mwenye mamlaka ya kukiondoa, baada ya maombi kupelekwa kupitia parokia ya bibi harusi. Ya pili ni ndoa kufungwa kwa nikaha. Hapa, pamoja na ruhusa ya tofauti ya dini, bibi harusi anahitaji ruhusa nyingine ya kufunga ndoa nje ya utaratibu wa Kanisa. Akiipata, nikaha ile inatambuliwa na Kanisa lake, na asipoipata haitambuliwi. Ya tatu ni ndoa ya kiserikali, kwa mfano katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambayo nayo Mkatoliki anahitaji ruhusa zile zile ili asitengwe na sakramenti.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba sheria ya Kanisa inakataza kufanya adhimisho jingine la kidini, kabla au baada, ambalo bibi na bwana harusi watatoa tena kiapo cha ndoa. Kwa hiyo ile kadi inayotamani kumridhisha kila mtu kwa kuandika kwamba ndoa itafungwa msikitini saa nne na kanisani saa nane inatangaza kitu ambacho padri hawezi kukifanya. Chagueni njia moja, pateni ruhusa mkononi, kisha ndipo muandike.

Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe kwa msajili siku 21 au zaidi kabla ya ndoa. Kadi isiende kwa mchapaji kabla taarifa hiyo haijatolewa, kwa sababu tarehe ikisogezwa, kadi zote zinakuwa karatasi tupu.

Katika mfano wenu, ndoa ilifungwaje?

Ilifungwa kwa nikaha, nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi huko Moshi, siku ya Jumamosi asubuhi. Askofu alikuwa ametoa ruhusa zote mbili. Sheikh aliyefungisha alieleza mapema kwamba Uislamu unamruhusu mwanamume Muislamu kumuoa mwanamke wa Ahlul Kitabu, yaani Myahudi au Mkristo, na kwamba kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi pwani yetu, baba Mkristo anaweza kuwa walii, yaani msimamizi wa kumuoza, wa binti yake Mkristo. Mashahidi wawili walikuwa wanaume Waislamu kutoka upande wa bwana harusi.

Maelezo yale kuhusu walii yalibadilisha hali ya nyumba nzima. Mzee wa Moshi alikuwa amekaa kwenye kikao cha kwanza kama mgeni katika ndoa ya mwanawe, akiamini kwamba nikaha ni shughuli ya upande wa pili ambayo yeye ataitazama tu. Alipoelezwa kwamba ni yeye atakayeketi mbele ya bwana harusi, amshike mkono na kutamka kwa ulimi wake kwamba anamuoza binti yake kwa mahari waliyokubaliana, aliomba aandikiwe maneno yale kwenye karatasi akayafanyie mazoezi. Padri wa parokia alialikwa, akakaa pamoja na wazee, na baada ya sheikh kumaliza akatoa sala fupi ya kuwaombea. Sala hiyo haikuwa na kiapo wala pete, kwa hiyo haikuwa adhimisho la pili.

Baada ya hapo kulikuwa na shughuli nyingine mbili: misa ya shukrani ya familia ya bibi harusi Jumapili yake, na karamu ya familia ya bwana harusi Tanga Jumamosi iliyofuata.

Ni maneno gani ya ndoa ambayo hayafai kwenye kadi ya namna hii?

La kwanza ni "ndoa takatifu". Ni maneno mazuri ambayo kila mchapaji anayo tayari kwenye sampuli zake za kadi za kanisani, na ndiyo maana yanajipenyeza bila mtu kuyafikiria. Kwa Mkatoliki maneno hayo yanamaanisha sakramenti, na ndoa kati ya mbatizwa na asiyebatizwa, hata ikiwa halali kabisa mbele ya Kanisa, haihesabiwi kuwa sakramenti. Andikeni "ndoa" peke yake. Neno hilo linajitosheleza.

La pili ni "kubariki ndoa". Katika lugha ya parokia zetu, kubariki ndoa ni kuhalalisha ndoa ya watu waliokuwa wakiishi pamoja bila kufunga ndoa kanisani. Ukiandika kwamba Jumapili kutakuwa na "misa ya kubariki ndoa", waumini watasoma kwamba nikaha ya Jumamosi haikuwa ndoa, na familia ya Tanga nayo itasoma vivyo hivyo. Tuliandika "misa ya shukrani".

La tatu ni "ibada ya ndoa" na "misa ya ndoa". Nikaha haiitwi ibada ya ndoa kwenye kadi za Waislamu, na misa ya ndoa haikuwepo. Hata kama mngechagua njia ya kanisani, adhimisho la Mkatoliki na asiyebatizwa hufanyika kwa Liturujia ya Neno bila misa, kwa hiyo neno "misa" lingekuwa kosa hata huko.

Pia tofautisheni "ndoa" na "harusi". Ndoa ni lile fungo lenyewe, na kwenye kadi zote itajwe kuwa inafungwa mara moja, mahali pamoja. Harusi ni shughuli nzima pamoja na vifijo vyake, na inaweza kuendelea siku nane bila kumchanganya mtu.

Je, tutoe kadi moja ya pamoja au kila familia itoe yake?

Ushauri wangu ni kila familia itoe kadi kwa shughuli inayoigharimia, na hivyo ndivyo desturi zetu zilivyo tayari. Familia ya binti hutoa kadi ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga, na familia ya kijana hutoa kadi ya harusi. Katika mfano wetu shughuli ya ndoa ilifanyika nyumbani kwa binti, kwa hiyo familia ya Moshi ndiyo iliyokuwa mwenyeji, na jina lake likatangulia kwenye kadi ile. Kwenye kadi ya Tanga mpangilio ukageuka. Utaratibu huu wa mwenyeji kutangulia ulimaliza mabishano kuhusu nani yuko juu ya nani, kwa sababu kila familia ilikuwa juu kwenye kadi moja na chini kwenye nyingine.

Kitu kimoja tu kilipaswa kufanana kwenye kadi zote mbili, nacho ni habari za ndoa yenyewe, yaani utaratibu wake, mahali na tarehe. Zisitofautiane hata kidogo. Mgeni aliyepata kadi zote mbili asikute ndoa mbili.

Kadi ya ndoa ilisomekaje?

Hii ndiyo iliyotoka Moshi:

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema.

Familia ya Bwana na Bibi ________ wa Moshi, ikishirikiana na familia ya Alhaji na Bibi ________ wa Tanga, inayo furaha kukualika wewe ________ kushuhudia ndoa ya binti yao mpendwa ________ na kijana wao mpendwa ________, itakayofungwa kwa utaratibu wa nikaha, nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, siku ya Jumamosi tarehe ________, saa 4:00 asubuhi. Baada ya ndoa, viongozi wa dini na wazee wa pande zote mbili watawaombea maharusi.

Chakula cha mchana kitaandaliwa hapo hapo nyumbani kuanzia saa 7:30 mchana, baada ya sala ya Adhuhuri.

Kufika kwako ndiko kutakakokamilisha furaha yetu.

Na hii ndiyo iliyotoka Tanga:

Familia ya Alhaji na Bibi ________ wa Tanga, ikishirikiana na familia ya Bwana na Bibi ________ wa Moshi, inakukaribisha wewe ________ katika karamu ya harusi ya kijana wao ________ na mkewe ________, ambao ndoa yao itakuwa imefungwa kwa utaratibu wa nikaha huko Moshi tarehe ________. Karamu itafanyika inshaallah siku ya Jumamosi tarehe ________, kuanzia saa 7:30 mchana.

Angalia kwamba kadi ya pili inasema "na mkewe". Mjomba mmoja wa Tanga aliona kwamba hapo hakuna haraka hiyo, kwa kuwa kadi ingegawiwa kabla ya siku ya ndoa. Lakini siku ya karamu wangekuwa mume na mke tayari, na neno lile lilizuia watu kufika Tanga wakidhani wanakwenda kushuhudia nikaha.

Tuandike salamu gani juu ya kadi: Bismillahi, "Tumsifu Yesu Kristo", au yoyote?

Kwenye kadi ambayo ni ya familia moja, salamu ya familia hiyo inakaa vizuri na hakuna mtu mzima atakayeona vibaya. Kwenye kadi inayotaja familia mbili kama wenyeji, tafuteni maneno ambayo wote wawili wanayasema kwa moyo. Lugha yetu imetubariki hapo, kwa kuwa "Mwenyezi Mungu" hutamkwa msikitini na kanisani bila mtu yeyote kuhisi kwamba ameazima. Neno "rehema" pia ni la wote. Jihadharini na "Bwana" katika maana ya Mungu, ambalo Muislamu hatalisoma hivyo, hasa likiwa mistari miwili juu ya "Bwana na Bibi".

Kuhusu aya na mistari ya Biblia, mimi huwashauri watu wasizichape kwenye kadi za pamoja. Sababu ya kwanza ni kwamba kadi huishia chini ya kiti, kwenye sakafu ya gari na hatimaye jalalani, na Waislamu wengi huumia kuona jina la Allah au aya ya Kurani ikikanyagwa. Katika harusi nyingine niliyoiandikia kadi, bibi mmoja mzee alikaa baada ya wageni kuondoka akiokota kadi moja moja kwenye nyasi kwa sababu ya mstari mmoja wa Kiarabu ambao mimi niliuweka kama pambo. Sikuuweka tena. Sababu ya pili ni kwamba mstari unaopendwa sana kanisani, wa alichokiunganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe, hubeba fundisho la kutokuvunjika kwa ndoa ambalo familia ya pili hailifundishi kwa namna hiyo. Maneno hayo yasemwe na wanaoyaamini, kwa sauti, mahali pake.

Saa na tarehe ziandikwe vipi ili ziwafae wote?

Andikeni saa kamili kwa hesabu ya Kiswahili, na pale inapohitajika mtaje sala pamoja na saa. Kadi nyingi za pwani husema tu "baada ya sala ya Alasiri", na mgeni kutoka parokiani hajui hiyo ni saa ngapi. Kwa upande wa pili, kadi inayosema "saa 12:30 jioni" bila kufikiria kitu huangukia kwenye Magharibi, kwa kuwa Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 1 kasoro robo hivi mwaka mzima. Huko Moshi Adhuhuri huingia karibu na saa 6:30 mchana, ndiyo maana tulimaliza nikaha kabla ya hapo, tukaacha nafasi ya sala, na kuweka chakula saa 7:30.

Tarehe ya harusi yenyewe iangaliwe kwenye kalenda mbili. Ramadhani haina karamu ya mchana, na Kwaresima parokia nyingi hazipendi shughuli za vifijo. Miaka ya karibuni vipindi hivi vimekutana: mwaka 2025 vyote vilianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, wakati ule ule wa kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo vitaachana tena, na miezi miwili badala ya mmoja itakuwa imefungwa. Epukeni pia kuanza shughuli Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana.

Mavazi tuyaeleze vipi bila kumkwaza mtu?

Elezeni mahali, kisha mseme kinachohitajika pale. Kosa la kawaida ni kuandika "mavazi ya heshima" na kuishia hapo, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba nguo yake ni ya heshima. Mgeni aliyezoea sherehe za ukumbini atakuja na gauni la mabega wazi, naye hajakosea kwa jinsi alivyoyaelewa maneno yale.

Tuliandika hivi kwenye kikaratasi kilichowekwa ndani ya bahasha: "Shughuli ya ndoa itafanyika nyumbani mbele ya viongozi wa dini. Tunaomba akina mama wavae nguo ndefu zinazofunika mabega, na waje na mtandio au kanga ya kujitanda wakati wa nikaha. Akina baba wanakaribishwa kwa kanzu au suruali ndefu na shati. Wageni watakaoketi kwenye mikeka wataombwa kuvua viatu."

Sentensi ya mwisho ilionekana ndogo, lakini ndiyo iliyoleta shukrani nyingi zaidi. Wazee wa Moshi waliovaa suti na viatu vya kamba walijua mapema, wakaja na viatu vya kuvua kwa urahisi, na wengine wakahakikisha soksi hazina matundu.

Neno "mtandio" lilichaguliwa badala ya "hijabu" kwa kukusudia. Hijabu ni vazi la ibada kwa Muislamu, na kumtaka Mkristo alivae ni kumtaka kitu kisichohitajika. Mtandio au kanga ni vazi la kila mama wa nchi hii, na mama wa Kichaga hujitanda kanga msibani na jikoni bila kuulizwa dini yake. Kuhusu sare, taja rangi tu, na muache kila mmoja ashone mshono unaomfaa. Kitenge kimoja kinatoka gauni kwa huyu na dera kwa yule.

Ikiwa sehemu fulani ya shughuli ni ya akina mama peke yao, kama ilivyokuwa Tanga jioni baada ya karamu, iandikwe waziwazi: "Jioni ya akina mama, tunaomba simu na kamera zisitumike ndani." Wanawake waliojifunika mchana kutwa hujiachia hapo kwa nywele na mapambo, na picha moja iliyotoka nje huleta ugomvi ndani ya nyumba ya mtu.

Chakula: je, inatosha kuandika "halali"?

Inatosha kwenye kadi, ikiwa mmehakikisha kwamba ni kweli. Maneno yetu yalikuwa: "Vyakula vyote vitakavyoandaliwa ni halali." Yakishaandikwa, kamati imejifunga, na ndipo kazi inapoanza.

Nitaeleza la ndafu, kwa sababu ndilo lililotupa taabu. Kwa Wachaga ndafu ni mbuzi mzima aliyechomwa bila kukatwakatwa, anayeingizwa mbele ya wageni kwa nyimbo na kukatwa kama keki, na kwa familia ya Moshi harusi isiyo na ndafu haijakamilika. Familia ya Tanga haikuwa na neno juu ya mbuzi. Walichouliza ni nani aliyemchinja, na alichomwa kwenye chombo gani. Mchomaji aliyekuwa amekubaliwa huchoma pia kitimoto, kwenye jiko lile lile na kwa visu vile vile. Hilo halikuwa limeandikwa popote, lilijulikana tu baada ya mama mdogo wa bibi harusi kulisema kikaoni. Ikabidi atafutwe mchomaji mwingine, mbuzi achinjwe na Muislamu, na chuma cha kuchomea kiwe kipya. Ndafu akaja amebeba majani yake mdomoni kama kawaida, na mzee wa Tanga ndiye aliyepewa kisu cha kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa neno "halali", ulizeni mambo matatu: nani anachinja, nyama inapikiwa kwenye vyombo gani, na kama jikoni hapo siku hiyo kutakuwa na nguruwe kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Jibu la tatu likiwa ndiyo, msiliandike neno hilo.

Na vinywaji vyenye kileo?

Hapa ndipo familia hutaka kadi inyamaze, nami nasema kadi isinyamaze. Mgeni wa Moshi anayetarajia mbege na bia akikuta sharubati atanung'unika, na mgeni wa Tanga akikuta chupa za bia mezani anaweza kusimama na kuondoka pasipo kula. Wote wawili walistahili kujua.

Tuliandika: "Vinywaji vitakavyotolewa siku hii ni visivyo na kileo." Sentensi ni fupi, haina sababu wala fundisho, na haimwambii mtu kwamba kinywaji chake ni dhambi. Mbege ilinywewa kwenye sendofu, majuma mawili kabla, ambayo ilikuwa shughuli ya familia ya binti peke yake na kadi yake ilikuwa ya peke yake. Bwana harusi alifika pale na wazee wachache, wakakaa kwenye meza yao, wakala, wakaaga mapema kwa makubaliano ya wote. Mpango wa nusu kwa nusu, yaani bia kwenye meza za upande mmoja wa ukumbi, nimeuona ukijaribiwa na siupendekezi. Wahudumu huchanganya meza, na mshereheshaji hutangaza kugonganisha glasi bila kukumbuka zilizomo.

Jambo hili lianzie kwenye kadi ya mchango, ambayo hutangulia kadi ya mwaliko kwa miezi. Muislamu anayetoa mchango wake ana haki ya kujua kwamba fedha yake hainunui pombe. Kwa hiyo kadi ya mchango ya familia ya Tanga ilisema: "Mchango wako utatumika kwa chakula, usafiri na mapambo." Familia ya Moshi nayo ilitenganisha daftari la sendofu na daftari la siku ya ndoa, kila moja na mweka hazina wake.

Tunapaswa kutaja mahali pa kusalia?

Ndiyo, kwa mstari mmoja: "Chumba cha sala na maji ya udhu vimeandaliwa." Kisha kiandaliwe kweli, kwa mikeka safi, ndoo na kata, na alama ya kibla. Kwa mahali pengi pa Tanzania ya kaskazini na pwani yake kibla iko karibu kaskazini kabisa, kwa kuwa Makka iko upande huo moja kwa moja. Nyumbani Moshi tuliweka alama ya chaki sakafuni baada ya mgeni mmoja kuihakiki kwa simu.

Misa ya shukrani ya Jumapili ilialikwaje?

Haikuwekwa kwenye kadi ya ndoa. Ilitangazwa parokiani kama kawaida, na ndugu wa Tanga waliokuwa bado Moshi waliambiwa kwa mdomo na mama wa bibi harusi mwenyewe, kwa maneno haya: "Kesho tunakwenda kumshukuru Mungu kanisani saa tatu. Anayependa kutusindikiza tunamkaribisha akae nasi. Asiyependa, chai iko nyumbani." Mwaliko wa namna hiyo unamwachia mtu uhuru ambao kadi iliyochapwa haiwezi kuutoa, kwa sababu kadi ikikaa mkononi inadai jibu. Waliokwenda waliambiwa pia kwamba wakati wa Komunyo wabaki kwenye viti vyao, kwa kuwa ni ya Wakatoliki.

Ikiwa bibi harusi ndiye Muislamu na bwana harusi ni Mkristo, maneno haya yanafaa?

Hapana. Sheikh hatafungisha nikaha ya namna hiyo ikiwa bwana harusi hajasilimu, kwa hiyo neno "nikaha" lisionekane kwenye kadi. Mara nyingi ndoa hufungwa kiserikali, na kadi iseme hivyo: "ndoa itakayofungwa mbele ya msajili wa ndoa." Mambo ya mavazi, chakula na vinywaji yanabaki kama yalivyoelezwa.

Mzazi aliyefariki aandikwe vipi?

"Marehemu" hutumiwa na wote. Familia ya Kiislamu hupenda wakati mwingine kuongeza dua ya rehema baada ya jina. Iongezeni kwenye kadi yao na si kwenye jina la mzazi wa upande wa pili.

Kadi zimekwisha kuchapwa na tumegundua kosa. Tufanye nini?

Inategemea kosa. Jina lililokosewa herufi moja, mtu husamehe. Kosa kwenye sentensi ya ndoa, au kuhusu kileo, halivumiliki, na kulirekebisha kwa ujumbe wa WhatsApp hakutoshi, kwa sababu kadi ndiyo inayobaki ukutani kwa wazee na wao hawamo kwenye kundi. Kwetu sisi kundi la kwanza la kadi za Moshi lilirudi kutoka kwa mchapaji likiwa na "ndoa takatifu", maneno ambayo hatukuyaandika na ambayo yalitoka kwenye sampuli yake ya zamani. Tulichapa upya zile za viongozi wa dini, za wazazi na za wazee wa ukoo, kama 40 hivi. Nyingine zote tuliziwekea kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi juu ya mstari ule, chenye sentensi sahihi na rangi ile ile ya karatasi. Kazi hiyo ilifanywa na mabinti wanne sebuleni kwa usiku mmoja. Tangu hapo, kabla mchapaji hajawasha mashine, humwomba nakala moja ya karatasi, nikaisoma kwa sauti mbele ya mtu mmoja kutoka kila familia, naye akatia sahihi nyuma yake.